Tupeane uzoefu: Kitabu kipya cha Excel kuanza na fonti, ukubwa na idadi ya shiti unazotaka

Karani wa Zamu: Jana nimemtazama kijana mgeni ofisini akifungua kitabu kipya, akabadili fonti kuwa Arial, akapandisha ukubwa hadi 12, akaongeza shiti mbili, kisha akayarudia hayo yote katika kitabu kilichofuata. Nami niliishi hivyo kwa miaka mitatu kabla ya kuonyeshwa File, kisha Options, kisha General, mahali palipoandikwa "When creating new workbooks". Naomba kila mmoja aeleze alivyopanga chake, na kilimharibikia wapi.

Bi. Safu: Mimi nilibadili pale pale, nikabonyeza OK, nikafungua kitabu kipya na fonti ikawa ile ile ya zamani. Nilirudia mara nne nikidhani kompyuta imenikataa, kumbe fonti haibadiliki mpaka Excel ifungwe yote na kufunguliwa upya.

Mzee wa Leja: Na ukishabadili, mafaili yako yote ya zamani nayo yanafuata.

Karani wa Zamu: Hapana, mzee wangu. Mpangilio huo unahusu vitabu vitakavyozaliwa baada yake. Vya zamani vinabaki na fonti yake.

Mzee wa Leja: Basi aliyenifundisha alinidanganya. Lakini zamani tulipewa shiti tatu bila kuomba.

Karani wa Zamu: Hilo ni kweli. Tangu toleo la 2013 inatolewa moja tu, na siku hizi fonti ya mwanzo ni Aptos Narrow badala ya Calibri, ndiyo maana wengi wanaona vitabu vipya havifanani na vya miaka ya nyuma.

Mama Vikoba: Mada hii imenigusa kidonda. Nilikuwa natunza hesabu za chama cha akiba, na kwa kuwa kila mwaka nahitaji shiti 12 za miezi, niliandika 12 kwenye "Include this many sheets" nikajiona mjanja. Nilichosahau ni kwamba tulikuwa na makro inayomtengenezea kila mwanachama kitabu chake cha taarifa, na makro hiyo iliandikwa `Workbooks.Add` bila kitu kingine, kwa hiyo ilifuata idadi niliyoiweka mimi. Tukatuma taarifa 240, kila moja ikiwa na shiti moja yenye maandishi na 11 tupu. Simu hazikukatika. Mwanachama mmoja alisema michango yake ya miezi 11 imefutwa, na mkaguzi naye akaniuliza kwa maandishi ni nini kilichokuwa ndani ya shiti hizo kabla hazijawa tupu. Nilijieleza kwa siku mbili juu ya kitu ambacho hakikuwahi kuwapo. Mtu aliyeturekebishia aliongeza neno moja tu, linaloomba shiti moja hata kama mpangilio unasema 12:

```
Workbooks.Add xlWBATWorksheet
```

Bi. Safu: Pole sana dada. Mkaguzi huyo alikuwa na haki ya kuuliza, lakini nimecheka.

Fundi wa Jioni: Kosa ni kutumia Options kwa kazi ya kiolezo. Dada alihitaji shiti zenye majina Januari hadi Desemba, na Options ingempa Sheet1 hadi Sheet12 tu. Tengeneza kitabu kimoja unavyokitaka, kihifadhi kama Excel Template kwa jina `Book.xltx` ndani ya `%appdata%\Microsoft\Excel\XLSTART`, na kila ukibonyeza Ctrl+N kitatoka hicho.

Karani wa Zamu: Unamtwisha mtu mzigo mkubwa kwa ajili ya fonti tu.

Fundi wa Jioni: Sijasema fonti tu, soma tena.

Bi. Safu: Nimeweka hicho kiolezo leo asubuhi, lakini nikibonyeza Blank workbook naletewa kitabu kitupu cha kawaida. Ctrl+N inafanya kazi.

Fundi wa Jioni: Ndivyo ilivyo: picha ile ya Blank workbook haikitazami kiolezo chako. Ondoa tiki kwenye "Show the Start screen when this application starts", na Excel itafunguka moja kwa moja na kitabu chako.

Mwalimu Mstaafu: Je, hii itanisaidia kuongeza maandishi kwenye barua zangu za Word? Macho yamechoka.

Mzee wa Leja: Mwalimu, hiyo ni nyumba nyingine. Na kwa macho tumia kuza tu, maana mimi niliweka ukubwa 14, safu zote zikapanuka pamoja na fonti, na orodha iliyokuwa inatosha ukurasa mmoja wa A4 ikatoka kurasa mbili.

Mama Vikoba: Nimerudisha 1, na kiolezo cha miezi nimekiita jina lake mwenyewe, si Book. Nani ana njia kwa kompyuta ya ofisi inayofuta kila kitu kwenye XLSTART mtu akitoka?