Mnaandika "wenye ulemavu wanahimizwa kuomba", halafu karatasi ya usaili ina herufi kama sisimizi!

Kofia Pana (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka kwenye usaili leo na hasira zimenijaa.

Mimi ni mhasibu, nina ualbino na uoni wangu ni hafifu. Tangazo lilisambazwa Watsapu kama picha. Mimi niliikuza nikasoma kwa taabu. Rafiki yangu asiyeona, simu yake inayomsomea ilimtajia "picha" ikanyamaza. Kazi ni uhasibu msaidizi, ya kukaa ofisini kutwa, lakini sharti mojawapo: "awe na leseni ya udereva". Chini kabisa ndiyo wakaandika wenye ulemavu wanahimizwa kuomba, bila namba wala mahali pa kueleza unahitaji nini. Nikaeleza kwenye barua ya maombi kwamba nahitaji maandishi makubwa. Kimya.

Leo napewa karatasi ya kurasa 6, majedwali yamebanwa, dakika 90. Nanyoosha mkono, msimamizi ananiambia, "Ungesema mapema." Nilisema! Nikainama mpaka pua inagusa meza, 3 nikaisoma 8, mizania ikagoma kulingana, nikaanza upya. Muda uliisha nikiwa swali la nne kati ya sita.

Mchana, jopo limekaa limeligeuzia dirisha mgongo, jua lote machoni kwangu. Wale watu watatu niliwaona vivuli tu. Nikaomba pazia lishushwe, mmoja akauliza, "Sasa kazini utawezaje?" Hakuuliza hata swali moja la uhasibu baada ya hapo.

Shuleni nilifanya mitihani ya taifa kwa karatasi ya maandishi makubwa na muda wa nyongeza. Ofisi inashindwaje kukuza herufi kabla ya kuchapa?

Mzee wa Vifungu

Pole mkuu. Washtaki. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka kila mwajiri awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Nafasi hiyo ni yako.

Dada Utumishi

Si kila mwajiri, ni mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea. Na asilimia hiyo haikupi nafasi fulani, bado unashindana na wenzako. Kwa hiyo ugomvi wa kweli uko kwenye karatasi na tangazo.

Nimeandika matangazo miaka mingi, na kosa huanza tunaponakili la mwaka jana. Leseni iliingia kwa sababu mhasibu aliyetangulia alikuwa anaendesha gari kwenda benki. Kazi yenyewe ni slipu zifike benki. Ukiandika "awe na uwezo wa kufikisha nyaraka benki kila wiki", mtu atakwenda na bodaboda. Pili, tangazo liseme mtihani ni wa karatasi au kompyuta, ni wa muda gani, chumba kiko ghorofa ya ngapi, na nani wa kumwandikia ukihitaji kitu, kabla ya tarehe gani. Swali liwe "unahitaji nini siku ya usaili?" Ukiuliza "una ulemavu gani?" unapata jina la hali, na bado hujui uchape karatasi ya aina gani. Na jibu lipelekwe kwa anayechapa mitihani. Nahisi barua yako iliishia kwenye faili.

Kijana wa Tegeta

Samahani, lakini mkianza kuongezewa maksi, sisi tuliokosa ajira miaka mitatu twende wapi?

Kofia Pana

Nani kaomba maksi? Maswali yawe yaleyale na usahihishaji uleule. Nimeomba kuyaona maswali.

Nuru wa Ishara

Mimi ni kiziwi. Kwetu tangazo lilisema "watakaochaguliwa watapigiwa simu". Nilikuta simu nne ambazo sikupokea. Meseji moja ingetosha. Mara ya pili waliniambia nije na ndugu wa kunitafsiria. Kaka yangu anajua ishara za nyumbani tu, hajui "bajeti" wala "mkataba". Nikijibu kwa kirefu, yeye anasema sentensi moja. Jopo likamtazama yeye muda wote. Waliona nimejibu vibaya, kumbe walimsaili kaka.

Dada Utumishi

Hapo mwajiri ndiye wa kumtafuta mkalimani, na ampe maneno ya kazi siku moja kabla.

Mzee wa Vifungu

Muda wa nyongeza mbona rahisi, si wafuate mitihani ya taifa?

Dada Utumishi

Huko ni dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na 10 kwa masomo mengine. Kwa dakika 90 ni 30 au 15. Mtihani wa uhasibu ni upi kati ya hayo? Kwetu tulibishana wiki nzima, mwishowe tukamuuliza mwombaji mwenyewe.

Kofia Pana

Kwa majedwali yale, 15 zisingenifikisha swali la sita. Kesho nawaandikia, naambatanisha nakala ya barua yangu, naomba nirudie ule wa kuandika kwa karatasi inayosomeka. Ila nimebaki na swali: nisingeandika kabisa kuhusu macho yangu, wangeniita?

Nuru wa Ishara

Mimi niliacha kuandika. Naitwa mara nyingi zaidi, halafu nakwama mlangoni.