Mtoto ana aibu sana, shule hana rafiki hata mmoja. Tupeane uzoefu

MamaP wa Njiro: Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 6, yuko la kwanza, nyumbani anaongea mpaka unaomba poo ila tukitoka tu anajificha nyuma ya kitenge changu. Ticha anasema mapumziko anakaa peke yake kwenye ngazi anaangalia wenzie. Baba yake anataka tumkazie. Mliopitia mlifanyaje?

Mangi_Pasua: Mpeni shairi asome kanisani mbele ya watu. Wa kwangu mara ya kwanza alilia, ya pili akazoea, saivi yuko kwaya ya watoto humwambii kitu.

Mama Mapacha Sakina: Kwako ilikubali Mangi, kwangu hiyo ya kanisani ilituharibia, Kurwa aligoma kwenda Sunday skuli miezi miwili. Kilichomsaidia ni mtoto MMOJA. Nilimuuliza ticha nani anamwangaliaga sana darasani, nikamuomba mama yake aje Jumamosi saa moja tu, nikawapa unga wa mandazi wakate maumbo, mimi nipo jikoni najifanya naosha vyombo. Nusu saa ya kwanza kimya, nilitamani kuingilia nikajibana. Wakaanza kucheka unga ulipomwagika. Wiki iliyofuata nikajiona mjanja nikaita wanne, akajifungia chumbani, kosa langu. Nikarudi kwa yule yule mmoja, wiki ya nne ndo wakaanza kukaa wote mapumziko.
Na dukani kwa mangi tulienda polepole, kwanza nasema mimi yeye anatoa hela, siku nyingine anasema "chumvi" mimi nimesimama pembeni, baadae mimi nabaki barabarani. Akiulizwa kitu usimjibie, hesabu moyoni mpaka tano, utashangaa.

Dogo wa Soweto Moshi: Mimi wa kwangu ana 15 haongei na mtu ni simu tu, dawa yake nini?

Mama Mapacha Sakina: Huyo ni wa uzi mwingine kaka 😂

Mwalimu mstaafu, Kijenge: Mwanangu MamaP, acha kusema "huyu ana aibu" mbele yake, analibeba kama jina. Halafu muulize ticha, je anamjibu hata kwa kunong'ona? Mtoto anayeongea vizuri nyumbani ila shuleni hatoi hata neno, na imepita zaidi ya mwezi tangu aanze shule, hiyo siyo aibu ya kawaida, na kumkazia kunamfunga zaidi. Mtafutieni mtaalamu wa saikolojia ya watoto. Masikio nayo yapimwe, niliwahi kuwa na mtoto tukamuita mpole kumbe hasikii vizuri.

Mangi_Pasua: Shikamoo mwalimu. Ila na sisi tulikaziwa mbona tukakua?

Mwalimu mstaafu, Kijenge: Marahaba. Wengine mpaka leo wakiitwa kwenye kikao cha wazazi wanakaa nyuma kabisa.

MamaP wa Njiro: Ticha kasema ananong'ona, afadhali. Kuna mtoto wa jirani wanaangaliana kila siku getini, tatizo mama yake na mimi hatusalimiani tangu ile ishu ya bomba la maji. Hapo naanzaje jamani 🙈