Tupeane uzoefu: uliwahi kumfupishia mkurugenzi imeili nyingi, mambo yakaenda mrama?

Jamaa wa Kondele
Habari za jioni wadau. Naanza na aibu yangu mwenyewe ili wengine msione haya.

Nafanya kazi katika ofisi ya mkurugenzi wa shirika moja hapa Kisumu. Mwaka jana tulikuwa tunatafuta jenereta ya kVA 30, maana mvua za jioni zikija na radi zake stima inapotea na kazi inalala. Imeili zilianza Jumatatu. Baada ya siku tisa zilikuwa 38, kutoka kwa watu saba. Mkurugenzi alikuwa safarini, akanipigia: "Nifupishie, nina dakika mbili tu." Nikamwandikia mistari mitatu niliyojivunia kweli: muuzaji wa kwanza ndiye nafuu, shilingi 1,180,000, mhasibu amekubali, tunaomba idhini. Akajibu "Endeleeni." LPO ikatoka.

Ankara ilipokuja ilisoma 1,368,800. Ile bei ilikuwa bila VAT, na asilimia 16 ya 1,180,000 ni 188,800. Kibaya zaidi, mkurugenzi wetu anaruhusiwa kuidhinisha hadi 1,250,000. Juu ya hapo ni bodi. Nikarudi kwenye imeili ya mhasibu. Alikuwa ameandika: "Sina pingamizi, mradi bei iwe na VAT ndani." Mimi nilibeba "sina pingamizi", ile "mradi" nikaiangusha njiani. Na muuzaji wa pili, niliyemweka kando kwa kuwa ni ghali, bei yake ya 1,345,000 ilikuwa na VAT na ufungaji humo humo. Yaani yeye ndiye aliyekuwa nafuu. Tulipofika kwa bodi, muda wa bei yake ulikuwa umeisha.

Sasa niambieni, nyinyi mnafanyaje? Na mlichomwa na nini?

Kijana wa Bondeni
Pole kaka. Lakini ulijitesa bure na 38. Mimi huwa nafungua ile ya mwisho peke yake. Kila mtu akijibu, za nyuma zote zinabaki chini ya jibu lake, kwa hiyo unashuka mpaka chini kabisa kisha unasoma ukipanda. Dakika kumi umemaliza.

Katibu wa Milimani
Kijana, kupanda kutoka chini ni sawa. Kusoma ya mwisho peke yake ndiko kutakufukuzisha kazi siku moja.

Nimekuwa katibu muhtasi hapa Nakuru miaka ishirini na miwili, nimefanya na wakurugenzi wanne. Imeili ya mwisho hubeba tawi lake tu. Tuseme fundi alijibu ile ya Jumanne, na wengine wakaendelea kujibu ya Jumatano. Maneno ya fundi hayamo kabisa katika ile ya mwisho. Na mtu akibadilisha kichwa cha habari, Gmail inayaanzisha kama mazungumzo mapya, huyaoni pale ulipo. Pia mtu akibonyeza Reply, viambatisho havifuati; ile karatasi ya bei iko kwenye imeili ya kwanza iliyoileta, si kwenye ya mwisho. Kwa hiyo mimi naandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia, kama "jenereta", nione yote yaliyotawanyika, halafu nayasoma kuanzia la zamani.

Kalamu na karatasi nawekaga kando. Kila mtu namwandikia mstari mmoja: jina, msimamo wake wa mwisho, tarehe. Akibadilisha mawazo namkata, naandika upya. Mwishoni nina mistari saba badala ya imeili 38, na muhtasari unatoka kwenye hiyo karatasi, si kwenye kichwa changu. Aliyekaa kimya naye naandika: hajajibu. Kimya si idhini, hata kama ofisini tumezoea kusema ni idhini.

Halafu Kondele, hebu rudi kwenye ile imeili ya fundi. Nahisi kuna kitu hukutuambia.

Jamaa wa Kondele
Mama, umejuaje? Fundi alisema msingi wa zege umwagwe kwanza na ukauke kabla jenereta haijaletwa. Hakuna aliyemjibu. Kwenye muhtasari wangu hakuwemo kabisa.

Katibu wa Milimani
Kwa sababu aliandika mara moja, kwa upole, halafu akanyamaza. Waliobishana bei waliandika imeili ishirini. Anayefupisha bila karatasi hufupisha kelele. Swali lisilojibiwa huwa ndilo litakalomgharimu mkurugenzi, na ndilo rahisi kulipita.

Bi Shikuku
Mimi niko Kakamega, na langu lilikuwa saa. Wageni wa mradi waliandika kwa Kiingereza kwamba mwisho wa kutuma ripoti ni "4 pm". Nikamfupishia bosi kwa Kiswahili, nikaandika "mwisho Ijumaa saa 4". Bosi wangu ni mtu wa Pwani, saa 4 kwake ni asubuhi. Akaamsha ofisi nzima, watu wamelala kwenye viti, ripoti ikaenda asubuhi na mapema ikiwa na makosa ya herufi kila ukurasa. Kumbe tulikuwa na mchana mzima. Tangu hapo naandika "saa 10 jioni" na tarehe kando.

Na "kesho" jamani! Mtu ameandika Jumatatu "nitaleta kesho", wewe unafupisha Jumatano na unaandika vile vile "ataleta kesho". Bosi anangoja Alhamisi, mwenyewe ameshachelewa tangu Jumanne.

Baba Tatu
Asanteni kwa mada hii, imenigusa. Imeili zangu zimejaa mpaka simu inasema nafasi ya 15 GB imeisha. Nikitaka kuzifupisha nianze na zile za benki au zile za matangazo? Ofisi yetu Bungoma haina mtu wa kompyuta.

Kijana wa Bondeni
Mzee, hapa tunazungumzia muhtasari, si kufuta. Lakini anza na zenye picha na video. Andika `has:attachment larger:10M` kwenye kutafuta, utaona zinazokula nafasi.

Baba Tatu
Ahaa. Mungu akubariki. Endeleeni.

Wa Dunga
Mimi sikukosea muhtasari hata kidogo, ulikuwa mzuri. Nilikosea kitufe. Nilibonyeza Forward, nikaandika mistari yangu sita juu, nikatuma. Chini kulikuwa na mlolongo mzima, na katikati yake mwenzetu aliandika: "Huyu mzee hata akitumiwa hasomi." Mzee siku hiyo akasoma. Alisoma mpaka mwisho.

Siku hizi nafungua imeili mpya kabisa, tupu. Akitaka ushahidi ataniambia nimtumie.

Mkuu wa Idara
Niingie kama mtu anayeletewa hizi. Mimi ndiye huyo "mzee", ingawa ni mwanamke na nina miaka 44. Nasoma nikiwa kwenye gari kati ya Kisumu na Siaya, simu mkononi, mtandao unakuja na kwenda. Ninachoona bila kusukuma kioo ndicho nilichosoma. Mkiniandikia "kufuatia mazungumzo ya tarehe fulani baina ya idara fulani", nimeshachoka kabla sijajua mnataka nini. Nataka mstari wa kwanza uniambie mnaniomba nini na kabla ya lini. Historia nitauliza nikitaka.

Lakini sitaki mtu aniandikie pendekezo lake mwenyewe. Uliombwa kufupisha, hukuombwa kuamua.

Katibu wa Milimani
Hapo tutakosana, mheshimiwa. Nimefanya na mmoja aliyenirudishia muhtasari akiuliza, "Sasa wewe uliyesoma yote unaonaje?" Nikijua aliyesoma yote ni mimi peke yangu, kunyamaza kunakuwa kama kumficha. Ninachofanya ni kutenganisha: "timu inapendekeza" ni la timu, "maoni yangu" ni langu, na la kwangu liko mwisho kabisa.

Mkuu wa Idara
Ukisoma yote ukiwa tayari umeegemea upande, hata mpangilio wa mistari utaegemea. Mimi bado nataka bila.

Bi Shikuku
Kwangu inategemea bosi. Wa kwanza alitaka, wa sasa hataki. Niliuliza siku ya kwanza.

Jamaa wa Kondele
Basi nimejaribu kuiandika upya ile ya jenereta, kama ningeirudia leo. Ikosoeni.

> JENERETA: uamuzi kabla ya Alhamisi saa 10 jioni
> Tunaomba uchague muuzaji ili tuandae karatasi za bodi. Bei zote mbili zinapita 1,250,000.
> Muuzaji wa pili: 1,345,000, VAT na ufungaji ndani. Bei yake inaisha Ijumaa.
> Muuzaji wa kwanza: 1,180,000 bila VAT; ikiongezwa ni 1,368,800, na ufungaji haujahesabiwa.
> Mhasibu hana pingamizi mradi bei iwe na VAT ndani. Fundi anataka msingi wa zege kwanza, hajajibiwa. Meneja wa ghala hajajibu.
> Timu inapendekeza wa pili.

Katibu wa Milimani
Sasa hii ni kazi. Neno "mradi" umelirudisha kama alivyolisema mwenyewe, usiligeuze kuwa lako. Nyingine ni ndogo: kila tarakimu unayoiandika, fungua kiambatisho uione kwa macho yako, usiichukue kwenye imeili ya mtu aliyeinukuu. Nimewahi kukuta sifuri imepotea hivyo hivyo njiani.

Kijana wa Bondeni
Na kabla ya kumtumia bosi, mtumie mhasibu na fundi vile vipande vyao waseme kama ndivyo walivyomaanisha. Hilo nakubali nimejifunza leo, ile ya kusoma ya mwisho tu naiacha.

Wa Dunga
Kila mara? Wakianza kukosoa, utakuwa umezalisha imeili nyingine 38.

Kijana wa Bondeni
Wawili tu, kaka, na kwa simu.

Jamaa wa Kondele
Wadau, leo nilikuwa na nyingine, ya gari la shirika: tutengeneze injini au tuuze. Nimetuma kwa mtindo huu, tupu, imeili mpya, mistari mitano. Imechukua saa nzima kuisoma yote, sikudhani. Mkurugenzi amejibu baada ya dakika tatu.

Amejibu "Sawa."

Bi Shikuku
Sawa ya lipi? 😂

Jamaa wa Kondele
Ndilo ninalojiuliza tangu saa saba.

Mkuu wa Idara
Kosa ni lako. Ungeweka namba, 1 tutengeneze, 2 tuuze. Mtu aliye kwenye gari anajibu namba.

Jamaa wa Kondele
Nimemtumia tena kwa namba. Amejibu: "2, lakini nipigie kwanza." Nampigia, simu imezimwa.