Gari likizima katikati ya kipilefti, mwalimu wangu wa udereva anakula zabibu

Mtumishi wa Ilazo

Wanajukwaa, nawasalimu, ingawa salamu yenyewe inatoka kwa shida, kwa sababu ninaandika nikiwa bado nimevaa viatu na mkoba uko begani. Sihitaji kumtaja mtu. Yule mwenye gari jeupe, lenye kibao cha herufi L kilichopauka hadi kinasomeka kama namba 1, mnamjua nyote, na kama hamumjui basi hamjawahi kukaa Dodoma.

Leo ilikuwa siku yangu ya 3. Siku ya kwanza alinionyesha breki, klachi na mafuta kwa kidole, kama anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba. Siku ya pili niliendesha kutoka lango la uwanja hadi kwenye mwarobaini na kurudi. Leo akaniambia nishike barabara kubwa, niingie kipilefti saa ambayo watumishi wote wa Serikali wanatoka kazini. Gari likazima. Nikaliwasha, likazima tena. Lilizima mara 4, na nyuma yangu kulikuwa na daladala, bajaji 3 na lori la mchanga, wote wakipiga honi kana kwamba ninapelekwa kwa mume.

Mwalimu alikuwa ameshusha kioo kununua zabibu kwa kijana anayetembeza. Alitafuna, akatema mbegu dirishani, kisha akaniambia kwa utulivu kabisa: "Mama, gari limekukataa. Gari huwa linamjua mtu."

Nina umri wa miaka 43, nimelipa shilingi 250,000 taslimu, na mtu anatema mbegu kwanza ndipo ananiambia kwamba chuma kimenikataa. Ninaomba mnieleze: ni mimi niliyekosea, au kuna chuo kinachofundisha kwa mpango?

Kijana wa Nkuhungu

Pole sana mama. Nimesoma uzi wote kwa makini, na sijaona mahali ulipoandika kama alikukaribisha hizo zabibu.

Mtumishi wa Ilazo

Hakunikaribisha. Alikula zote peke yake, na mbegu moja ilirudi na upepo ikatua kwenye sketi yangu.

Dereva Mstaafu

Mwanangu, nimeendesha mabasi na malori kwa muda mrefu, kisha nikafundisha vijana. Acha zabibu kwanza, nijibu swali moja. Ulipokuwa unaachia klachi, gari lilianza kushika mguu ukiwa wapi: karibu na chini, katikati, au ukiwa umekaribia kuuondoa kabisa?

Mtumishi wa Ilazo

Shikamoo mzee. Lilikuwa linashika mwisho kabisa, mguu ukiwa juu. Kila nikidhani bado, lilikuwa linaruka mara moja kama mbuzi na kuzima. Ndipo alipotema mbegu.

Bodaboda Msomi

Tatizo lako ni uoga wa mafuta, dada. Kanyaga mafuta mengi, achia klachi nusu, na gari haliwezi kuzima hata uwe mlimani. Mimi huwa nalishikilia kwenye kilima kwa nusu klachi bila breki yoyote, na linasimama lenyewe kama limefungwa kamba.

Dereva Mstaafu

Kijana amesema nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba mafuta kidogo huzuia gari kuzima, lakini kulishikilia mlimani kwa nusu klachi ni kuila sahani ya klachi ukiwa umekaa, kwa sababu hapo sahani inasuguana muda wote bila kushika sawasawa. Ukisikia harufu ya kuungua, au injini ikinguruma huku mwendo hauongezeki, ujue umeshailipia. Mlimani vuta hendibreki, achia klachi mpaka usikie injini inapunguza sauti na boneti inainuka kidogo, ongeza mafuta, ndipo ushushe hendibreki.

Sasa nirudi kwako, mwanangu. Klachi inayoshika juu kabisa mara nyingi ni klachi iliyokaribia kwisha, na magari ya kufundishia huchoka mapema kwa sababu kila mwanafunzi anaanza kwa kuisugua. Mtu mzoefu hulizoea gari kama hilo kwa dakika 5, lakini mgeni hana nafasi ya kuhisi, maana sehemu ya kushika imebanwa kwenye ncha ya mwendo wa pedali. Kwa hiyo sehemu ya kosa ni ya gari, na sehemu kubwa ni ya aliyekupeleka barabarani kabla mguu wako haujajua kitu.

Mguu hufundishwa uwanjani, mahali tambarare. Unaweka gia ya kwanza, hugusi mafuta kabisa, unaachia klachi polepole kiasi cha kuhesabu hadi 5. Gari likianza kutambaa, mguu unasimama hapo hapo kwa sekunde 2 au 3, kisha ndipo unaumalizia. Kinachozimisha gari ni kule kuumalizia haraka. Mimi sikumtoa mwanafunzi uwanjani mpaka aondoke mara 10 mfululizo bila kuzima na asimame kwenye mstari bila abiria kuinamisha kichwa. Wengine walimaliza siku hiyo hiyo, na mmoja alichukua saa 6. Hakuna gari lililomkataa.

Mama Ipagala

Kama unatafuta gari la kununua, dada yangu, usisumbuke na mambo ya klachi. Chukua otomatiki, uweke gia, uondoke zako. Mimi ninayo na sijawahi kuzima hata siku moja.

Mtumishi wa Ilazo

Sinunui gari, dada. Ninajifunza. Na hata ningenunua, magari ya ofisini kwetu ni ya manyuo.

Msafiri wa Mtumba

Wewe angalau umefika kipilefti. Mimi nililipa kiasi hicho hicho, 250,000, nikaahidiwa "siku 15 za mafunzo". Kila siku tulikuwa wanafunzi 4 ndani ya gari moja kwa saa moja, kwa hiyo zamu yangu ilikuwa dakika 15. Siku 15 mara dakika 15 ni dakika 225, yaani saa 3 na dakika 45 za usukani, na saa nyingine 11 na robo nilizikaa kiti cha nyuma nikitazama visogo vya wenzangu. Ukigawanya, kila saa ya usukani ilinigharimu takriban 66,700. Jirani yangu alilipa 320,000 mahali pengine, tukamcheka kwamba ameibiwa, kumbe alipewa saa 12 za peke yake, ambazo ni chini ya 27,000 kwa saa. Tangu siku hiyo sisikilizi chuo kinachohesabu siku. Ninauliza saa za usukani, na ninauliza gari linabeba wangapi.

Bi Mwalimu wa Kikuyu

Sikubaliani kwamba kukaa nyuma ni hasara tupu, kwa sababu nilijifunza mengi kwa kuona makosa ya wenzangu. Hata hivyo, nakubali kwamba mguu haujifunzi kwa macho. Kilichonishangaza mimi ni kwamba gari letu halikuwa na breki upande wa mwalimu, na nilipouliza akanijibu kwamba yeye huvuta hendibreki. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ng'ombe mbele, yeye anavuta hendibreki!

Dereva Mstaafu

Hilo nalo ni la kutazama kabla ya kutoa fedha: inama, tazama miguuni pa kiti cha kushoto. Kama hakuna pedali ya breki pale, ondoka.

Kuhusu mpango, mimi huona kwamba ukitoka uwanjani hupaswi kwenda kipilefti. Unakwenda mitaa tulivu, yenye matuta na watoto wachache, ukajifunze gia ya 2 na ya 3, kutazama vioo kabla ya indiketa na indiketa kabla ya usukani, na kurudi nyuma ukiwa umegeuza kichwa. Baada ya hapo ndipo kipilefti, na cha kwanza kiwe Jumapili asubuhi watu wakiwa ibadani. Unakikaribia kwa gia ya 2, unatazama kulia, kwa sababu walio ndani wanatokea huko na wana haki ya kupita. Kukiwa na nafasi unaingia na gia ya 2 bila kusimama. Kusipokuwa na nafasi unasimama na kuweka ya 1 mapema, si pale nafasi inapotokea. Walimu wengi husahau jambo la mwisho: unapotaka kutoka kushoto, tazama kioo cha kushoto tena, kwa sababu bodaboda hupenyeza upande huo wakati wewe bado unatazama kulia.

Kipilefti cha saa ya watumishi ni somo la mwisho, mwanafunzi akiwa haufikirii tena mguu wake. Anayeufikiria mguu hawezi kuifikiria bajaji.

Bodaboda Msomi

Mzee, bodaboda hatupenyezi. Tunapewa nafasi na nyinyi wenyewe mnaochelewa kuondoka.

Msafiri wa Mtumba

Uliwahi kunipenyezea pale Sabasaba, nimekutambua kwa maandishi.

Mtumishi wa Ilazo

Wapendwa, naomba turudi kwenye jambo. Aliniambia gari limenikataa, na alitema mbegu kwanza. Mzee, je, nidai fedha zangu, au nimwambie anirudishe uwanjani?

Dereva Mstaafu

Ningeanza kwa kumwomba anirudishe uwanjani, tena kwa gari jingine, na aniandikie kwenye karatasi saa ngapi za usukani zimebaki. Akikataa kuandika, umeshapata jibu. Kudai fedha sijui utafika wapi, maana hukuniambia kama ulipewa risiti.

Mtumishi wa Ilazo

Nilipewa kipande cha daftari.

Bi Mwalimu wa Kikuyu

Kipande cha daftari chenye muhuri, au bila muhuri? Mimi changu kilikuwa na muhuri wa duka la vifaa vya ujenzi.

Mama Ipagala

Mimi bado ninasema otomatiki. Na mzee, nijibu: aliyejifunza kwa otomatiki tu akipewa gari la manyuo, ataanza upya yote au klachi pekee?

Dereva Mstaafu

Klachi na gia pekee, ila mguu wa kushoto ambao haujawahi kufanya kazi huwa mvivu kuliko wa mgeni kabisa. Wengine watabisha.

Msafiri wa Mtumba

Ninabisha. Mke wangu alihama kwa siku 2.

Kijana wa Nkuhungu

Samahani kurudi nyuma, lakini wakati gari linazima mara ya 4, yule kijana wa zabibu alikuwa ameshalipwa, au bado alikuwa ameng'ang'ania dirisha?

Mtumishi wa Ilazo

Alikuwa anasubiri chenji. Nilimpa mimi.