Naomba ushauri: harufu mbaya ukeni baada ya hedhi, nahisi tamponi ilibaki ndani

BintiWaMabibo
Habari zenu wadau. Naomba wanawake wenzangu na walio kwenye mambo ya afya wanisaidie, maana nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia.

Hedhi yangu iliisha wiki iliyopita. Siku za mwisho mwisho tulikuwa na harusi ya binamu yangu kule Mbezi, gauni la kubana, nikavaa tamponi. Katikati ya sherehe nilienda chooni kuweka nyingine, na sikumbuki kabisa kama ile ya kwanza niliitoa. Sasa tangu juzi natoka uchafu wa kahawia wenye harufu ya kitu kilichooza. Mpaka kwenye daladala najibana kwenye kona. Duka la dawa wakanipa flajili na vidonge vya fangasi vya kuweka ukeni, lakini harufu iko palepale.

Leo mchana mwili umeanza kuwa na joto na viungo vinauma. Kamba siioni. Je, inaweza kuwa imepanda tumboni? Na ninywe kwanza dawa ya malaria nione?

Mama_Wawili_Tandika
Pole mdogo wangu. Hiyo ni bakteria tu wa ukeni, mimi ilinipata nikiwa na mimba ya pili. Malizia flajili, usiongeze na bia, itaisha.

BintiWaMabibo
Asante dada, ila yangu nahisi kuna kitu ndani kabisa.

ShangaziKurasini
Mwanangu, tamponi haikai zaidi ya saa nane, hilo nakwambia kweli. Toa haraka. Chemsha maji, tia chumvi, yapoe kidogo, ujisukutue ndani kwa bomba la sindano lisilo na sindano mpaka itoke yenyewe. Ukichelewa itaingia kwenye kizazi.

NesiWaZamu
Shikamoo shangazi. La saa nane uko sawa, lakini hayo maji ya chumvi naomba asiyaingize. Yatausukuma uchafu juu na kuchubua ngozi ya ndani ambayo tayari imewaka.

Binti, nianze na hofu yako. Haijapanda tumboni wala haiwezi. Uke una mwisho. Kule juu kuna mlango wa kizazi, ukiugusa unahisi kitu kigumu kidogo kama ncha ya pua, na tundu lake ni jembamba mno kwa tamponi kupita. Ukiweka ya pili juu ya ya kwanza, ya kwanza husukumwa ikalala upande kwenye uwazi ulio nyuma ya huo mlango, na kamba inajikunja nayo. Ndiyo maana huioni.

Flajili haikusaidia kwa sababu chanzo bado kipo. Wadudu wanaoleta harufu hiyo wanaishi kwenye damu iliyoshikwa na pamba pasipo hewa. Unaweza kuwapunguza leo, kesho wakazaliana tena palepale.

Kinachonisumbua ni hilo joto. Kabla sijasema lolote jingine nijibu: una kipimajoto? Umetapika au kuharisha? Ukisimama ghafla unaona kizunguzungu? Na angalia viganja, nyayo, macho na ulimi, vimekuwa vyekundu kuliko kawaida?

Kaka_Tabata
Samahani kuingilia mambo ya kina dada. Kwa nini isiwe malaria kweli? Mvua zimenyesha, mbu wamejaa huku. Apime kwanza.

NesiWaZamu
Kaka, kupima apime, lakini asianzie duka la dawa na asimeze dawa ya malaria kwa kukisia. Kuna ugonjwa wa sumu ambao mwanzo wake unafanana sana na malaria au homa ya tumbo: homa ya ghafla ya nyuzi 38.9 au zaidi, misuli inauma, kutapika, kuharisha. Vitabu vinasema upele wake unafanana na ngozi iliyoungua jua. Kwenye ngozi zetu nyeusi upele huo haujitokezi vizuri, ndiyo maana nimeuliza viganja, macho na ulimi. Kisha presha inashuka, mgonjwa anazubaa au anaongea yasiyoeleweka, na figo zinaanza kugoma. Kutoka hatua ya kwanza mpaka hiyo zinaweza kupita saa chache tu.

Na harufu si kipimo chake. Sumu hiyo inatengenezwa na bakteria wengine, wale wale ambao wengi wetu tunao puani na kwenye ngozi bila madhara. Kuna wanaougua hivyo bila harufu yoyote, na wengi wenye harufu kali kama ya binti hawaupati kabisa. Ni ugonjwa wa nadra. Mwaka 1980 kule Marekani uliwapata wanawake wengi waliotumia tamponi za kunyonya sana, na hizo zikaondolewa sokoni. Lakini unaua, kwa hiyo tamponi ikikutana na homa hatusubiri asubuhi.

BintiWaMabibo
Nimeazima kipimajoto kwa jirani, 37.8. Sijatapika. Kizunguzungu hakuna, viganja viko kawaida. Tumbo la chini linauma kidogo nikilibonyeza. Naweza kujaribu kuitoa mwenyewe?

NesiWaZamu
Jaribu mara moja, kisha uende hospitali hata ukifanikiwa, kwa sababu ya joto na hayo maumivu. Kata kucha, nawa mikono kwa sabuni. Chuchumaa kama chooni, sukuma kama unayekwenda haja kubwa, maana inaishusha chini. Ingiza vidole viwili ukielekea mgongoni, uzungushe kando na nyuma ya mlango wa kizazi. Ukiishika vuta taratibu, ifunge kwenye mfuko, usiitupe kwenye choo cha kuflashi. Usiipate, acha. Usitumie kibano wala kijiti.

Mabibo mpaka Mwananyamala si mbali, chukua bajaji. Ukifika tamka wazi: "Nahisi tamponi imebaki ukeni na nina homa." Ukisema tu homa, utapimwa malaria na yutiai, na hakuna atakayekuangalia ndani. Ukianza kutapika au kuona giza njiani, waambie dereva na mapokezi kuwa ni dharura.

Dada_Kigamboni
Mimi haikuwa tamponi, kilikuwa kipande cha sponji nilichoweka ili mume asione damu. Nilikaa nacho karibu wiki nzima kwa aibu. Daktari alikitoa kwa dakika chache. Chumba kilinuka nikatamani ardhi inimeze, yeye akafungua dirisha tu akaendelea kuandika. Nenda, mdogo wangu.

BintiWaMabibo
Nimerudi jamani. Vidole vilifika nikaigusa ila ikateleza. Nimemkuta daktari mwanamke, akaweka kile kifaa cha kupanulia uke, akaivuta kwa koleo refu. Ilikuwa moja. Malaria hakuna, presha 112 kwa 70. Kwa vile nilisikia maumivu alipogusa kizazi, amenichoma sindano na kunipa vidonge vya wiki mbili. Harufu imeshapungua.

Mama_Wawili_Tandika
Alhamdulillahi. Sasa wiki mbili za dawa si nyingi mno kwa kitu kilichokwisha kutoka?

NesiWaZamu
Kama kungekuwa na harufu tu, kuitoa kungetosha na harufu huisha ndani ya siku moja au mbili. Kizazi kikiuma kwa kuguswa ni habari nyingine, maambukizi yanaweza kuwa yameshapanda. Amemwona kwa macho, mimi sijamwona. Azimalize zote. Joto likipanda, akitapika au upele ukitoka, arudi usiku huohuo.

BintiWaMabibo
Na tamponi naweza kutumia tena siku nyingine? Daktari hakusema.

ShangaziKurasini
Rudi kwenye pedi, mwanangu.

NesiWaZamu
Mwezi huu na ujao tumia pedi, upone kwanza. Baada ya hapo muulize huyo daktari siku ya kurudi. Waliowahi kupata ule ugonjwa wa sumu tunawakataza kabisa, maana hujirudia. Wewe hukuupata, kwa hiyo hapo sina jibu la kukukatalia.