Naomba ushauri: mapungufu ya utafiti wangu wa mwani

Assalaam alaykum wanajamvi. Niliwahoji wakulima wa mwani Micheweni, Pemba, wakati wa bamvua, maji yameshatoka na kila mtu yuko kwenye kamba zake. Waliokwishaacha kilimo hawashuki tena pwani, kwa hiyo sikuwapata.

Rasimu ya kwanza ilisema tu "sampuli ilikuwa ndogo." Msimamizi kaikata, eti hiyo inabandikika kwenye tasnifu yoyote. Nimeandika upya:

"Kwa kuwa walioacha kilimo hawakuhojiwa, wastani wa kipato huenda uko juu kuliko wa wote waliowahi kulima. Hata hivyo, maelezo ya namna wakulima waliopo wanavyokabiliana na kufa kwa mwani hayategemei wastani huo."

Hiyo "hata hivyo" ndiyo inayonitia wasiwasi, isije ikaonekana najitetea. Na je, inafaa kutaja kosa limeelemea upande gani bila takwimu ya ukubwa wake? Mwenzangu ananishauri nikawatafute walioacha, hata watano, majumbani. Lakini nitakaoelekezwa na hawa hawa wakulima si wataleta upendeleo mwengine? Aliyewahi kutetea kitu kama hiki mbele ya watahini anijuze.