Mrejesho: laptopu ya mtumba iliyokwama kwenye Kijerumani

Swali langu lilikuwa: "Laptopu niliyonunua Kisumu ina Windows 11 ya Kijerumani. Nimepakua Kiingereza, menyu zimebadilika, lakini skrini ya nenosiri bado ni Kijerumani. Nifanyeje?"

Imekubali, wakuu. Kumbe ile lugha tunayochagua hubadilisha akaunti yako tu. Skrini ya kuingilia hutumia mipangilio ya mfumo. Nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika:

```
intl.cpl
```

Nikafungua Administrative, kisha Copy settings, nikatia tiki "Welcome screen and system accounts" na ile ya "New user accounts", maana mdogo wangu atafunguliwa akaunti yake. Nikaiwasha upya. Sasa Kijerumani kimebaki kwenye kibodi, Z na Y zimebadilishana nafasi.